Benki Haisomi Mkataba Wenu

Novemba 1967 kulikuwa na kahawa ya Kenya iliyouzwa kwa shirika la biashara la Misri, El Nasr, ikisafirishwa kutoka bandari ya Mombasa. Muuzaji alikuwa kampuni ya W. J. Alan. Mikataba ilikuwa miwili, kila mmoja wa tani 250, na bei ilikuwa shilingi 262 kwa kila uzani wa ratili 112. Malipo yangefanywa na benki, kwa barua ya dhamana ya malipo. Barua hiyo ilipofika, fedha yake ilikuwa pauni za Kiingereza badala ya shilingi za Kenya. Muuzaji hakulalamika. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, kila mtu alijua hivyo, na wengi hawakukumbuka wakati ilipokuwa vinginevyo. Alipakia, akapeleka karatasi benki, akalipwa pauni zake.

Tarehe 18 Novemba serikali ya Uingereza ikaishusha pauni kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40. Shilingi ya Kenya haikushuka nayo. Pauni iliyokuwa shilingi 20 jana ikawa shilingi 17 na senti kidogo, na sehemu ya mwisho ya kahawa ilikuwa bado haijalipwa. Muuzaji alidai tofauti. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mkataba unasema shilingi, kwa hiyo nilipwe shilingi. Kesi ilikwenda London, jaji wa kwanza akampa haki muuzaji, lakini mwaka 1972 Mahakama ya Rufaa, akiwemo Lodi Denning, ikampinga. Mkataba ulikuwa wa shilingi, ndiyo, lakini muuzaji aliipokea barua ya pauni, akaitumia, akachukua fedha zake bila neno. Kwa kufanya hivyo alikuwa ameiacha haki yake ya shilingi.

Naanza na kahawa hiyo kwa sababu kosa lake halikuwa la upakiaji wala la ubora. Lilikuwa la siku moja tu: siku ile barua ya benki ilipowekwa mezani na hakuna aliyeuchukua mkataba akauweka pembeni yake.

Barua yenyewe baadhi ya kamusi huiita barua ya mkopo, jina linalopoteza watu, maana muuzaji hakopeshwi chochote. Wenye kazi bandarini na benki huiita elisii tu, nami nitafuata hao. Elisii ni ahadi. Mnunuzi aliye mbali huenda benki yake, benki hiyo humwahidi muuzaji hivi: niletee karatasi hizi na hizi, zenye maneno haya, kabla ya tarehe hii, nami nitakulipa. Anayelipa si mnunuzi tena, ni benki, na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Lakini kanuni ambazo karibu elisii zote duniani hufuata, zinazoitwa UCP 600 na zilizoanza kutumika Julai 2007 chini ya Chemba ya Kimataifa ya Biashara ya Paris, zinasema mambo mawili ambayo muuzaji hapaswi kuyasahau. La kwanza, elisii ni jambo moja na mkataba wa mauzo ni jambo jingine, hata kama elisii imeutaja mkataba huo kwa namba yake. La pili, benki zinashughulika na karatasi, hazishughuliki na mizigo.

Tuone jambo hilo kwa mfano. Nimeupanga mwenyewe, ila kila kasoro iliyomo ni ya aina inayotokea kweli. Mama mmoja ana kampuni ndogo Dar es Salaam inayonunua ufuta kwenye minada ya kusini na kuuza nje. Juni 2025 amesaini mkataba na mnunuzi wa Qingdao, China: tani 95 za ufuta mweupe, dola 1,500 kwa tani, gharama ya meli hadi Qingdao ikiwa juu ya muuzaji, kupakia kusizidi tarehe 31 Agosti. Thamani ni dola 142,500. Tarehe 10 Julai benki yake inampigia simu kwamba elisii imeingia, anaitazama haraka, anaona jina lake, jina la mnunuzi na kiasi kilekile. Anafurahi. Kijana wake wa karatasi ndiye anayeiona ile tarehe ya kupakia kwamba siyo waliyokubaliana, na mama anaishika simu.

"Shikamoo mama," anasema ofisa wa benki.

"Marahaba mwanangu. Hii tarehe ya kupakia siyo ya mkataba. Si mmeuona mkataba wetu?"

"Mama, mkataba wenu hatuusomi. Hata ukituletea tutauweka kwenye faili tu. Sisi tutalinganisha karatasi zako na elisii, basi."

"Sasa nani anaangalia kama elisii inafanana na mkataba?"

"Wewe mama."

Basi wanakaa. Kijana anachora karatasi safu tatu. Ya kwanza ni mkataba unasemaje, ya pili elisii inasemaje. Watu wengi huishia hapo. Safu ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, nayo huuliza: karatasi inayotakiwa hapa nitapewa na nani, na itakuwa mkononi mwangu lini? Elisii inaweza kufanana na mkataba neno kwa neno na bado ikadai cheti ambacho hakuna ofisi Tanzania inayokitoa kwa maneno hayo. Kwa mkataba hiyo si tofauti, ila siku ya malipo itakuwa.

Elisii husafiri kati ya benki kwa mtandao wa SWIFT, kwenye ujumbe uitwao MT700, na kila sharti lina namba yake ya kisanduku. Namba hizo ni zilezile iwe elisii imetoka Qingdao, Mumbai au Hamburg, kwa hiyo mtu akizizoea hachukui muda kujua pa kuangalia. Vile vilivyomtia mama wasiwasi ni hivi:

```
31D: 250905 CHINA
32B: USD142500,00
43P: NOT ALLOWED
44C: 250820
48:  15
```

Kwa Kiswahili: elisii inakufa tarehe 5 Septemba 2025, na inafia China. Kiasi ni dola 142,500. Kupakia kwa mafungu hakuruhusiwi. Siku ya mwisho ya kupakia ni 20 Agosti. Na karatasi zikabidhiwe ndani ya siku 15 baada ya kupakia.

Tarehe ya kupakia imeshaonekana: mkataba unasema 31 Agosti, elisii 20 Agosti, siku kumi na moja zimeliwa. Neno la hatari zaidi hapo, hata hivyo, ni CHINA. Maana yake ni kwamba karatasi zinatakiwa ziwe zimefika kwenye kaunta ya benki ya huko kabla ya muda kwisha. Kuzifikisha kwa benki ya mama hapa Dar hakuhesabiki. Tuhesabu. Tuseme meli inaondoka Jumatano tarehe 20 Agosti, siku ya mwisho kabisa. Kampuni ya meli haitoi hati ya shehena jioni ileile. Ikitoka Jumatatu tarehe 25 tushukuru. Vyeti vingine vinasubiri namba ya hati hiyo. Tarehe 26 bunda lote linafika benki Dar, benki inalisoma, inarudisha ankara moja irekebishwe, na Ijumaa tarehe 29 linaondoka kwa wasafirishaji wa vifurushi. Likifika Qingdao Jumatano tarehe 3 Septemba, imebaki siku moja tu, maana siku ya 15 baada ya 20 Agosti ni tarehe 4. Ndege ikichelewa, au kukiwa na sikukuu katikati, hakuna malipo ya haki tena. Kama elisii isingetaja siku 15, kanuni zingempa siku 21. Mkataba haukusema lolote kuhusu siku hizo, na ndiyo maana mnunuzi aliweza kuzikata bila kuvunja neno.

Hapo kijana anaandika maombi mawili: kupakia kuwe 31 Agosti kama mkataba, na elisii iishie Tanzania, kwa benki ya mama kutajwa kuwa mahali pa kukabidhi karatasi, siku ziwe 21.

Uzito una mtego wake, na huu huwanasa hata wazoefu. Mkataba unasema tani 95, zaidi au pungufu kwa asilimia 5, kwa hiari ya muuzaji. Elisii, kwenye kisanduku cha 45A cha maelezo ya bidhaa, inasema magunia 1,900 ya kilo 50, jumla tani 95. Hesabu ni ileile, 1,900 mara 50 ni kilo 95,000. Lakini UCP 600 ina ukarimu mmoja: bidhaa ikitajwa kwa uzito tu, muuzaji anaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 5 hata kama elisii haikusema hivyo, mradi fedha zisizidi kiasi cha elisii. Ukarimu huo hufutika mara elisii inapohesabu vifurushi au vitu kimoja kimoja. Kwa kuyataja magunia, mwandishi wa elisii amelifunga tundu la kupumulia. Ghalani gunia hupasuka, mengine hukataliwa na mkaguzi, makontena matano ya futi 20 yanafungwa yakiwa na magunia 1,893, na hati ya shehena inaandika ukweli huo. Magunia saba yanatosha kuizuia fedha ya magunia 1,900.

Kinyume chake pia ni hasara, ingawa ya kimyakimya. Tuseme magunia hayakutajwa, na mizani inaonyesha tani 95.6. Uzito umo ndani ya asilimia 5, hakuna kasoro. Lakini tani 95.6 kwa dola 1,500 ni dola 143,400, na elisii ni ya dola 142,500. Benki haiwezi kulipa zaidi ya ilivyoahidi. Dola 900 zimekwenda na ufuta wake. Ndiyo maana ombi la tatu la mama lina pande mbili: magunia yaondolewe kwenye maelezo, na asilimia 5 iandikwe kwenye uzito na pia kwenye fedha, ambayo ina kisanduku chake, 39A. Anayeomba upande mmoja akasahau wa pili amejitega mwenyewe.

Mafungu sasa. Mkataba uliruhusu kupakia mara mbili, elisii imekataza. Mama anasema haidhuru, makontena yote matano yatakwenda pamoja. Sawa, na kanuni zinamuunga mkono: mzigo uliopakiwa katika meli moja, safari moja, kwenda mahali pamoja, si mafungu hata kama hati ni zaidi ya moja na tarehe zake zinatofautiana. Ila aliyewahi kusubiri bandarini anajua kwamba meli hujaa. Makontena matatu yanapakiwa, mawili yanaachwa yasubiri meli ya wiki ijayo. Hilo halimhusu mama wala mnunuzi, limeamuliwa na mtu wa kampuni ya meli mbele ya kompyuta, lakini mbele ya benki tayari ni mafungu. Ombi la nne likaandikwa.

Elisii ilikataza pia kuhamisha mzigo meli hadi meli njiani, na kijana alitaka kuliombea hilo nalo, maana mzigo wa Dar kwenda China mara nyingi hubadilisha meli. Hapa mama aliokoa karatasi. Kwa mzigo wa kontena, hati ya shehena inayoonyesha uhamishaji hukubaliwa hata pale elisii inapoukataza, almradi safari nzima iko chini ya hati moja na hati yenyewe inaonyesha kwamba mzigo umo kontenani. Katazo linatisha kwa macho tu. Si kila tofauti inastahili ugomvi. Kila ombi la kurekebisha lina ada yake, na mnunuzi anayeletewa orodha ya mambo ishirini huacha kuisoma akifika la sita.

Kuhusu maneno ya bidhaa, kuna kesi ya karanga ambayo kila mwanafunzi wa sheria za biashara hufundishwa. London, mwanzoni mwa miaka ya 1940, kampuni ya Rayner ilipeleka karatasi zake kwa benki ya Hambros. Elisii ilisema karanga za Koromandeli. Hati ya shehena ilisema punje za karanga zilizomenywa kwa mashine. Katika soko la London kila mfanyabiashara wa karanga alijua hizo ni karanga zilezile. Benki ikakataa kulipa, na Mahakama ya Rufaa ikasema benki ilikuwa sahihi, kwani haina wajibu wa kujua lugha ya soko la kila bidhaa. Leo kanuni zimelegea kidogo: karatasi nyingine zinaweza kuitaja bidhaa kwa jina la jumla, alimradi zisipingane na elisii. Ankara peke yake ndiyo isiyosamehewa. Maelezo yake lazima yalingane na ya elisii.

Elisii ya mama ina makosa mawili katika maelezo hayo. Neno la Kiingereza la ufuta limekosewa herufi. Na usafi wa ufuta umeandikwa asilimia 99.5, wakati mkataba unasema asilimia 99. Kijana alihangaishwa na herufi. Herufi hazina neno. Mwongozo wa Chemba ya Kimataifa wa namna benki zinavyosoma karatasi unasema kosa la uchapaji lisilobadilisha maana si kasoro, na mojawapo ya mifano yake ni mtu aliyeandika mashine kwa tahajia ambayo sisi tunaiona ni sahihi kabisa: "mashine". Mwingereza anaiona ni kosa, lakini anaelewa. Asilimia nusu, kwa upande mwingine, haieleweki vinginevyo. Maabara ikipima ikapata 99.2, mzigo umetimiza mkataba na cheti kimeivunja elisii. Mama ana ufuta mzuri na karatasi mbaya. Ombi la tano.

Bado hatujafika kwenye sharti lililonifanya niandike makala haya. Limo kwenye kisanduku cha 46A, orodha ya karatasi zinazotakiwa. Mkataba wa mama unasema ukaguzi utafanywa bandarini Dar es Salaam na kampuni huru ya ukaguzi, na matokeo yake ni ya mwisho. Elisii inataka cheti cha ukaguzi kilichotolewa na kusainiwa na mwakilishi wa mnunuzi, na saini hiyo ifanane na mfano wa saini ulioko kwenye kumbukumbu za benki iliyotoa elisii.

Ukisoma haraka unaona cheti cha ukaguzi huku, cheti cha ukaguzi kule, unatia alama ya vema na kuendelea. Isome tena. Mnunuzi ameichukua ahadi ya benki, ambayo ilikuwa imfunge yeye, akautia ufunguo wake mfukoni. Bei ya ufuta ikibaki 1,500 au ikipanda, mtu wake atakuja Dar, atasaini, mambo yatakwenda. Ikishuka hadi 1,350, mtu huyo ana homa, hapokei simu, au anasaini kwa mkato usiofanana na ule ulioko Qingdao. Benki itakataa, na haitakuwa na kosa, maana hakuna mtu Dar es Salaam anayeweza kuuona mfano wa saini ulioko huko. Hii ndiyo faida ya safu ya tatu. Mbele ya sharti hilo, kwenye swali la karatasi nitapewa na nani, jibu la kweli ni moja: na mtu ambaye ndiye anayetakiwa kunilipa.

Ndugu yake sharti hilo anakaa mistari michache chini. Kwa kawaida hati ya shehena hutolewa nakala halisi tatu, na yeyote mwenye moja anaweza kuchukua mzigo. Mkataba unasema zote tatu zipitie benki. Elisii inataka mbili zipite benki na moja itumwe moja kwa moja kwa mnunuzi. Sababu inayotolewa ni ya haki kabisa, kwamba meli inaweza kufika kabla ya karatasi na mzigo ukatozwa ada ya kukaa bandarini. Lakini maana yake ni kwamba mnunuzi anaweza kuwa ameshaupakua ufuta wakati benki yake bado inamtafutia mama koma iliyokosekana. Sharti moja kati ya haya mawili linavumilika kwa mnunuzi wa miaka mingi. Yote mawili pamoja, na mnunuzi mpya, mimi nisingefunga kontena hata moja.

Kuna wanaosema hayo yote yatamalizwa baadaye: karatasi zikiwa na kasoro, mnunuzi ataombwa azikubali tu. Ni kweli huombwa, na mara nyingi hukubali. Benki ya huko ina siku tano za kazi, ikitaka kukataa ni lazima itaje kasoro zote katika taarifa moja, na ikichelewa au ikasahau moja haiwezi kurudi nayo baadaye. Mnunuzi akikubali, muuzaji hukatwa ada ya kasoro, mara nyingi dola 50 hadi 100 kwa bunda, na maisha yanaendelea. Angalia tu ni lini swali hilo linaulizwa. Ufuta uko baharini. Mnunuzi anajua mama hawezi kuurudisha, hana mnunuzi mwingine Qingdao, na kila siku kontena likikaa bandarini linakula fedha. Akiomba apunguziwe dola 100 kwa tani, ambazo ni dola 9,500 kwa mzigo huu, mama atafikiri usiku mmoja na kukubali. Tarehe 11 Julai, magunia yakiwa ghalani Mbagala, mnunuzi huyohuyo hana mzigo wala nguvu hiyo. Ana mkataba aliousaini, na elisii isiyoufuata mkataba ni kosa lake yeye.

Hapo ndipo mkataba, ambao benki haiusomi, unapofanya kazi. Mama hamwandikii benki barua ya malalamiko. Anamwandikia mnunuzi, akitaja kifungu cha mkataba mbele ya kila ombi, na kusema hatapakia mpaka marekebisho yafike kwa njia ya benki. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokosekana katika kahawa ya Mombasa. Mnunuzi anaweza kujibu kwa simu kwamba amekubali yote, hakuna tatizo, mama apakie tu. Ahadi ya simu haibadilishi elisii. Elisii hubadilishwa na ujumbe wa benki, uitwao MT707, na kitu kingine hakuna.

Jambo moja mama hakuliomba, na naona alifanya vizuri. Mkataba ulimtaka alete cheti cha ufukizaji. Elisii ilikisahau. Asingekuwa na busara angeona hii nayo ni tofauti na kuiripoti. Karatasi isiyodaiwa na benki haiwezi kumzuilia malipo, kwa hiyo aliiacha. Ila alikiweka kwenye orodha yake ya kazi, kwa sababu bado anadaiwa na mnunuzi kwa mkataba, na atamtumia pembeni.

Maombi yalikuwa saba: tarehe ya kupakia, mahali pa kuishia na siku za kukabidhi, uzito pamoja na fedha, mafungu, usafi, ukaguzi, na hati tatu za shehena. Majibu yakaingia tarehe 18 Julai. Kijana aliyasoma kwa sauti, moja baada ya jingine. Yote saba yalikuwa yamekubaliwa. Aliponyanyua simu awaite wenye malori, mama alimwambia asome mpaka chini. Mstari wa mwisho, ambao hakuna aliyeuomba, ulisema ankara sasa igongwe muhuri na ubalozi wa China Dar es Salaam kabla ya kukabidhiwa.

Kijana alitaka wakubali yale saba na kuukataa huo mmoja. Kanuni haziruhusu. Marekebisho yaliyo katika ujumbe mmoja hupokewa yote au hukataliwa yote. Ukikubali nusu, umehesabiwa kuwa umeyakataa. Na kukaa kimya si kukubali, ingawa kupeleka karatasi zinazofuata marekebisho hayo huhesabiwa kuwa ni kukubali. Mama aliuliza muhuri huo unachukua siku ngapi, akahesabu kwenye kalenda ya ukutani, akaandika kwa benki kwamba anayakataa marekebisho yote. Tangu saa ile elisii iliyokuwa hai ni ileile ya zamani, yenye 20 Agosti, CHINA na saini ya mtu asiyejulikana, na malori hayakuitwa.

Ujumbe wa pili ulifika tarehe 29 Julai. Ulikuwa na mistari saba. Waliusoma mara mbili, mkataba ukiwa wazi pembeni, kisha mama akasema waanze kupima magunia.